Kamera ipi haipindishi picha: muda wa kusoma kihisi kwa mpiga video wa Kigoma

Wapiga video wengi wa Kigoma wanaochagua kamera huanza na megapikseli na kumaliza na bei. Kuna tarakimu nyingine ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye boksi wala kwenye tangazo la muuzaji, nayo ndiyo inayoamua kama nguzo za stesheni ya reli zitasimama wima unapogeuza kamera, na kama boti iliyotoka Kibirizi kwenda Gombe itaonekana ya mbao au ya raba. Ni muda wa kusoma kihisi, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, nao unapimwa kwa milisekunde.

Hapa tunalinganisha kamera nne za Sony: A6400 (2019), A7 IV (2021), A7S III (2020) na A9 III (2023). Tumechukua kampuni moja ili tofauti za menyu na lenzi zisivuruge hoja. Mwenye Canon, Nikon au Panasonic anaweza kufuata hesabu hizi hizi, mradi ajue milisekunde za kamera yake.

Kihisi cha kamera nyingi hakichukui fremu nzima kwa mpigo. Husomwa mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, na mstari wa mwisho husomwa wakati wa kwanza umeshapita zamani. Ndiyo rolingi shata yenyewe. Kamera ikichukua milisekunde 39 kumaliza mistari yote, basi sehemu ya chini ya fremu inaonyesha dunia ilivyokuwa milisekunde 39 baada ya sehemu ya juu. Kitu kilichosimama hakidhuriki. Kinachotembea kinapinda, kwa kuwa kimehama wakati kamera bado inakishukia.

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, hata madukani. Ukungu wa mwendo, yaani gurudumu au mguu wa mchezaji kuonekana umefutika, hausababishwi na kihisi kusoma polepole. Unatokana na muda ambao kila mstari unaachwa upokee mwanga, ule unaouweka mwenyewe kama 1/50 au 1/500. Kusoma polepole kunaleta kulala, kupinda na kuyumba kwa picha. Mtu anayenunua kamera ya bei kali akitegemea ukungu uondoke atashangaa kuukuta palepale, kwa sababu hakugusa shata. Na anayepandisha shata hadi 1/1000 ili kuondoa kuyumba atashangaa zaidi, maana picha itayumba kwa ukali kuliko mwanzo.

Tuchukue bodaboda inayopita barabara ya Mwandiga mbele ya kamera iliyo kwenye stendi. Inavuka fremu ya 4K, yenye upana wa pikseli 3840, kwa sekunde moja, na pikipiki pamoja na dereva wake wanachukua theluthi ya urefu wa fremu. Kwa shata ya 1/50 pikipiki inasogea pikseli 3840 ÷ 50, karibu 77, wakati kila mstari uko wazi. Huo ndio ukungu, na ni uleule kwa kamera zote nne. Kulala kwake ni hesabu nyingine: pikseli 3840 zidisha muda wa kusoma kwa sekunde, halafu chukua theluthi, maana pikipiki haijajaza fremu kutoka juu hadi chini.

| Kamera, video ya 4K | Muda wa kusoma (takriban) | Pikipiki inalala | Ukungu kwa 1/50 | Ukungu kwa 1/500 |
|---|---|---|---|---|
| A6400, upana wote, fremu 25 kwa sekunde | ms 39 | pikseli 50 | pikseli 77 | pikseli 8 |
| A7 IV, kihisi chote | ms 27 | pikseli 35 | pikseli 77 | pikseli 8 |
| A7 IV, kihisi kilichokatwa, katikati tu | ms 13 | pikseli 17 | pikseli 77 | pikseli 8 |
| A7S III | ms 9 | pikseli 12 | pikseli 77 | pikseli 8 |
| A9 III | 0 | 0 | pikseli 77 | pikseli 8 |

Ukisoma jedwali hili kwa kwenda pembeni, jambo linajitokeza. Kwa 1/50 ukungu wa pikseli 77 ni mpana kuliko kulala kwa kamera yoyote, hivyo unafunika kulala huko. Hata A6400 itatoa bodaboda inayokubalika. Ukipanda hadi 1/500 ukungu unabaki pikseli 8 na kingo zinakuwa kali, na hapo pikseli 50 za kulala hazina pa kujificha. Magurudumu yanatangulia, kichwa cha dereva kinabaki nyuma, pikipiki inaonekana inaegemea nyuma na spoki zake zimejikunja. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe shata anayotumia. Anayepiga harusi na mahojiano kwa 1/50 mwaka mzima anasumbuliwa kidogo sana na jambo hili, na hana haja ya kulipia milisekunde 9.

Mpira wa miguu ni habari nyingine. Kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika jua la alasiri ni kali, mteja anataka kusimamisha fremu aone kama mpira ulivuka mstari, na mpiga picha analazimika kwenda 1/500 au juu zaidi. Mpira uliopigwa chini kwa chini unaegemea kama pikipiki ile. Mpira unaopaa unakutana na mistari inayoshuka, hivyo unatoka umebanwa. Ule unaoanguka unaongozana na usomaji, nao unatoka umerefuka. Kamera ya milisekunde 39 hapa haifai, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoiokoa katika 4K.

Kugeuza kamera kuna hesabu yake. Ukipita kwenye nguzo za stesheni ya Kigoma, mahali reli ya kati ilipofika mwaka 1914, kwa mwendo wa sekunde nne kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine, A6400 italaza nguzo iliyojaza fremu kwa pikseli kama 37, sawa na nyuzi moja tu. Watazamaji wengi hawataiona. Geuza kwa sekunde moja na nguzo inalala nyuzi nne, kichwa chake kikielekea upande unakogeuzia, na hapo kila mtu anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kwa A7S III geuzo hilohilo linalaza nguzo chini ya nyuzi moja. Ukiwa na kamera ya polepole, basi, geuza taratibu. Ni dawa ya bure, na kwa majengo inatosha.

Kwenye boti dawa ya bure inakwisha, na kwa Kigoma hapo ndipo fedha ya ziada inapoonekana imefanya kazi. Mashine ya boti inayozunguka mara 4,500 kwa dakika inazunguka mara 75 kwa sekunde, yaani mtikisiko mmoja kila milisekunde 13 hivi. Kamera iliyofungwa kwenye ubavu wa boti inatikiswa kwa mwendo huo. A6400 ikisoma fremu kwa milisekunde 39, boti inakuwa imetikisika mara tatu kabla ya fremu moja kukamilika. Mistari ya juu imesukumwa kulia, inayofuata kushoto, kisha kulia tena, na mlima wa ng'ambo unatoka na mawimbi. Picha inacheza kama sura iliyo ndani ya maji. A7 IV kwa kihisi chote inapata mawimbi mawili. A7S III kwa milisekunde 9 haifikishi hata wimbi moja: fremu nzima inaegemea kidogo upande mmoja, na fremu inayofuata upande mwingine. Huo ni mtikisiko wa kawaida, ambao programu ya kutuliza picha inauelewa. Mawimbi ndani ya fremu moja haiyaelewi, na mara nyingi huyazidisha.

Hata kabla ya kubadili kamera, mambo mawili yanapunguza tatizo. La kwanza ni kuiondoa kamera kwenye mbao. Usiifunge kwa kibano kwenye ubavu wala usisimamishe stendi sakafuni. Ishike mkononi, viwiko vikiwa huru, ukae mbali na mashine, ili mwili wako uumeze mtikisiko. La pili ni shata. Kwa 1/50 kila mstari unabaki wazi milisekunde 20, muda unaopita mzunguko mzima wa ule mtikisiko wa milisekunde 13, hivyo mawimbi yanachanganyika na kugeuka ulaini kidogo wa picha. Kwa 1/1000 yanagandishwa yote yalivyo. Tatizo ni jua la ziwani saa sita mchana: kwa ISO 100 mwanga sahihi ni karibu f/16 na 1/100. Ukitaka f/4 na 1/50 unazidisha mwanga kwa stopu tano, yaani mara 32, na unahitaji kichujio cha kupunguza mwanga cha ND32. Wengi hawana kichujio hicho, wanaacha kamera ijipandishie shata yenyewe, kisha wanailaumu kamera. Nunua kichujio kwanza. Ukipiga kwa mpangilio wa S-Log3, ISO ya msingi inakuwa juu zaidi, kwa hiyo utahitaji kichujio kizito zaidi pia.

Simu za bei ya juu husifiwa kwa utulivu wake, na kwa kazi ndogo zinafaa. Ila lenzi ya simu nyingi za namna hiyo imening'inizwa na sumaku ili itulize picha. Mwaka 2021 Apple walionya rasmi kwamba mtikisiko mkali wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuidhoofisha kamera ya simu yao. Anayefunga simu kwenye usukani wa bodaboda kwenda Ujiji na kurudi ajue hilo.

Usiku ukumbini, usomaji wa polepole unajitokeza kwa sura nyingine, mikanda. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Kihisi kikiwa kinashuka mstari kwa mstari, mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia, na fremu inatoka na mikanda ya giza iliyolala. Shata ya 1/50 au 1/100 inaiondoa kwa kamera yoyote kati ya hizi, kwa sababu kila mstari unapokea mzunguko mmoja au miwili kamili ya taa. Ya 1/60 inaiacha kidogo, na 1/250 inaileta yote. Kwenye jenereta inayopanda na kushuka hata 1/50 inaweza kukosea kidogo, na hapo unahitaji kurekebisha shata polepole huku ukitazama skrini.

Ukumbini kuna pia flashi za wapiga picha wenzako. Flashi inawaka kwa muda mfupi sana na inaipata mistari iliyo wazi wakati huo tu, hivyo bi harusi anatoka mweupe kifuani na wa kawaida usoni kwa fremu moja. Kadiri usomaji ulivyo wa haraka, ndivyo fremu hizo zilizokatwa nusu zinavyopungua. Haziishi kabisa, hata kwa A7S III.

A9 III ndiyo pekee kati ya hizi isiyo na tatizo hilo, kwa kuwa kihisi chake kinafungua na kufunga pikseli zote kwa wakati mmoja. Hakuna kulala, hakuna mawimbi, hakuna flashi iliyokatwa, na kwa picha mnato inafika shata ya 1/80000. Lakini tazama tena safu ya ukungu kwenye jedwali: 77 na 8, sawa na wengine. Taa mbaya nazo hazijaisha. Badala ya mikanda, kwa shata fupi unaweza kupata fremu nzima zinazofifia na kung'aa. Ujenzi wa kihisi cha namna hiyo pia unagharimu usafi wa picha. ISO yake ya msingi ni 250, na gizani A7S III inaishinda bila jasho. Kwa mtu anayepiga wavuvi wa dagaa usiku, kulipia A9 III ni kulipia ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa uchaguzi. Bei za kutoka kiwandani zilipotangazwa, bila lenzi, zilikuwa takriban dola 900 kwa A6400, 2,500 kwa A7 IV, 3,500 kwa A7S III na 6,000 kwa A9 III. Kariakoo utakuta nyingine, hasa za mitumba, ila mpangilio wa nani ghali kuliko nani haubadiliki sana. Mpiga harusi na mahojiano abaki na A6400, atumie 1/50 na ageuze taratibu. Kwa anayefanya kazi za mashirika, leo semina na kesho ziwani, pendekezo letu ni A7 IV, kwa sababu ndani yake kuna kamera mbili. Washa `APS-C S35 Shooting` kwenye menyu na muda wa kusoma unashuka kutoka milisekunde 27 hadi 13, maana inasoma sehemu ya katikati tu ya kihisi. Unalipa kwa pembe: lenzi ya milimita 24 inaona kama ya 36, na ndani ya boti nyembamba utatamani yenye upana zaidi, ya 16 au 18. Unabaki pia na megapikseli 33 za picha mnato, jambo ambalo A7S III yenye 12 haikupi, na wateja wanaotaka bango kubwa hawajaisha.

A7S III ni ya anayepiga mpira kila wiki au anayeishi juu ya maji. Usisukumwe na jina.

Wenye A7 IV au A7S III wana kitu kingine cha kujitetea. Kamera hizo huandika mwendo wa mkono ndani ya faili ya video, na programu ya bure ya Gyroflow inautumia kunyoosha mistari iliyopinda. Piga na SteadyShot, yaani kutuliza picha kwa kamera yenyewe, ikiwa imezimwa, fungua faili, kisha hakikisha tarakimu ya `Frame readout time` inalingana na kamera na mpangilio uliotumia, 27 au 13 kwa A7 IV. Ukiweka 27 kwa video iliyopigwa kwa kihisi kilichokatwa, nguzo zitalala upande wa pili. Programu hii inarekebisha kilichosababishwa na mwendo wa kamera peke yake. Bodaboda iliyolala mbele ya kamera iliyotulia haiwezi kuisimamisha, kwa kuwa mkono haukutembea.

Kuna njia ya kukisia muda wa kusoma kwa kutazama sifa za kamera zilizoandikwa. Kamera haiwezi kusoma fremu kwa muda mrefu kuliko fremu yenyewe: kwa fremu 25 kikomo ni milisekunde 40, kwa 50 ni 20, kwa 100 ni 10. A6400 haina 4K ya fremu 50 kabisa. A7 IV inayo, lakini kwa kihisi kilichokatwa tu, kwani 27 haiingii ndani ya 20. A7S III inakwenda hadi 100, kwa hiyo bila kupimwa unajua iko chini ya 10 katika mpangilio huo. Angalia tu kama tangazo linasema fremu 50 zinapatikana kwa upana wote. Kamera nyingine huzipata kwa kukata kingo au kuruka mistari, na kwa fremu 25 zinarudia upolepole wao.

Njia ya uhakika zaidi inahitaji balbu mbovu. Tafuta LED ya bei ya chini inayowaka kwa umeme wa TANESCO. Balbu ya sola haifai, kwa kuwa inatumia umeme wa betri. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na balbu hiyo peke yake, zima kutuliza picha, weka shata 1/1000 na ISO ya kutosha, kisha rekodi sekunde tano za 4K. Simamisha fremu moja kwenye kompyuta na upime pikseli kutoka katikati ya mkanda mmoja wa giza hadi katikati ya unaofuata. Umbali huo ni milisekunde 10. Hesabu ni hii:

```
muda wa kusoma (ms) = 10 × 2160 ÷ umbali wa mikanda (pikseli)
```

Mikanda ikiachana pikseli 800, kamera inasoma kwa milisekunde 27. Ikiachana 554, ni 39. Ukiona mkanda mmoja tu wa giza na hakuna wa pili, uko chini ya 20. Kama hakuna mkanda wowote, badili balbu kabla hujaisifu kamera.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, muombe muuzaji apige video hiyo na kuituma WhatsApp kama dokumenti, ili ifike bila kubanwa, na akutajie mpangilio alioutumia: fremu ngapi, upana wote au uliokatwa. Atakayekutumia ya fremu 50 wakati wewe utapiga kwa 25 amekupa jibu la swali jingine.